Mtungi wa Ikombe na Mkono wa Jirani Yangu wa Siti

(Haya niliyasema kwenye mkutano wa wazazi wa watoto wenye sukari, hapa Mbeya. Walioukosa waliomba niyaandike, nimeyaandika vile vile yalivyotoka mdomoni.)

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za saa hizi. Asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti aliniambia niongelee kutunza insulini safarini na mi nikamwambia sawa, ila sijui kuongea kama nesi, najua kuhadithia kilichonikuta, kwa hiyo naomba mnivumilie nianzie stendi.

Ilikuwa Novemba mwaka juzi, nilikuwa Dar msibani, Temeke, nimekaa siku 9. Mwanangu, yule mnamjua wengi, alikuwa na miaka 9 wakati huo, nilimwacha hapa na bibi yake. Chupa aliyokuwa anatumia niliiacha ina wiki ya tatu tangu ifunguliwe, na mnajua wenyewe ile chupa ya mili 10 ina yuniti 1,000, mtoto mdogo haimalizi ndani ya mwezi, lakini ikishafunguliwa hesabu ni siku 28 kwa zile zetu, iwe imebaki nusu iwe imebaki robo unaiacha. Bas, siku ya 28 iliangukia siku ile ile ya safari. Bibi akapiga simu usiku ananiambia mama nanihii, hapa dukani wameishiwa, wanasema mpaka wiki ijayo. Nikazunguka Dar nikapata chupa 3, mbili insulini ile ya rangi ya maziwa na moja ile ya maji meupe, nikazilipia, nikasema kesho usiku nitakuwa Uyole na asubuhi mtoto atachoma dawa mpya. Hiyo ndo ilikuwa hesabu yangu yote.

Basi lilikuwa la Kyela, mi nashukia Uyole. Tukatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa 12 asubuhi. Dawa nilikuwa nimeziweka kwenye kontena la plastiki la chakula, chini nimeweka chupa ya maji niliyoigandisha usiku kucha kwenye friza ya shangazi, katikati kitambaa, juu dawa. Konda alitaka mzigo wangu wote uende buti, nikamwambia hili kontena hapana, akanuna kidogo, nikalipakata. Hapo nilikuwa sahihi na niwaambie kwa nini, haya mabasi ya siku hizi injini iko nyuma, buti za nyuma zinapikwa na injini kutoka ndani na jua kutoka nje, ukiweka mkono pale saa 8 mchana unautoa. Dawa isiende buti hata siku moja, wala isikae kwenye kile kirafu cha juu ya kichwa upande wa jua.

Jirani yangu wa siti alikuwa kaka mmoja, namwita kaka ila nadhani ana miaka kama 40, mkimya, alinisalimia tu "habari ya asubuhi dada" akakaa. Alikuwa na mzigo wa ajabu miguuni, umefungwa na nyasi kavu na gunia, akawa kila basi likiruka tuta anaushika kwa mikono miwili kama mtu ameshika mtoto. Nikasema moyoni huyu naye kabeba nini. Sikumuuliza. Yeye naye aliniona nimekumbatia kontena tangu Mbezi hakuniuliza. Tukapita Morogoro hivyo hivyo, tukapita Mikumi mbugani tukaangalia twiga wote wawili upande mmoja wa dirisha, akasema "wako wengi leo", nikasema "kweli", maongezi yetu yakaishia hapo kwa saa 7 nzima.

Sasa wale mnaoijua hii njia mnajua ukishaacha Mikumi ukaingia lile bonde la mibuyu mpaka Ruaha Mbuyuni joto linavyobadilika. Ni chini kule, pamezungukwa na milima, Novemba mvua bado, hewa inatoka kama ya tanuri. Pale Ruaha Mbuyuni watu wakanunua vitunguu kupitia dirishani kama kawaida, mi nikafungua kontena kuangalia nikakuta barafu yote imekuwa maji na maji yenyewe ya uvuguvugu. Moyo ukaanza kwenda mbio. Tukatembea kidogo tu kuelekea Mahenge, kabla hata hatujaanza kupanda Kitonga, nyuma kukalia paaa, halafu kelele kama ya kitu kinapiga piga bati, dereva akapunguza, akaweka pembeni, na moshi mweupe ukaanza kutoka nyuma. Watu wakapiga kelele moto moto, ila haikuwa moto, ilikuwa mvuke. Mkanda wa feni umekatika. Ule mkanda ukikatika feni haizunguki, na kwa basi lile hata pampu ya maji ilikuwa inazungushwa na mkanda huo huo, kwa hiyo maji yanakaa tu kwenye injini yanachemka.

Tukashuka wote. Utingo akakata matawi akayapanga barabarani nyuma na mbele, maana pale malori ya Zambia na Kongo yanapita hayapumziki, tukaambiwa tukae mbali na lami, tukaenda chini ya mbuyu. Jirani yangu akauacha mzigo wake chini akaniambia "dada niangalizie", akaenda kusaidia. Utingo alikuwa kijana mdogo, yuko peke yake, dereva anapiga simu, huyu kaka akaenda kumshikia dumu la maji.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa sababu wengi tuna magari au tunapanda magari. Utingo alifungua mfuniko wa rejeta hazijapita hata dakika 10. Maji ya mle ndani yamebanwa, yakibanwa yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, yametulia tu, ukifungua mfuniko ule mbano unaondoka ghafla, sehemu ya maji inageuka mvuke na kuyarusha mengine. Dereva alikuja kutueleza baadaye, ana miaka mingi barabarani, kwamba unasubiri nusu saa kwenda juu, halafu unashika ile paipu nene ya juu kwa tambara, ukiibonya ikawa ngumu kama tairi lililojaa upepo usiguse mfuniko, ikiwa laini inabonyea ndo unafungua, nako kwa tambara, robo zamu kwanza, unasikiliza. Kijana hakusubiri. Alikwepa. Kaka yangu alikuwa amesimama upande wa pili na dumu, yakampata mkono wa kulia kuanzia juu ya kifundo mpaka karibu na kiwiko.

Nilisikia sauti yake nikajua. Nilishawahi kuisikia sauti ile ndani ya nyumba yangu. Binti yangu mkubwa akiwa na miaka 3 alijimwagia uji wa moto, na mi kwa mikono yangu nikampaka dawa ya meno, kwa sababu mama yangu alifanya hivyo na bibi yangu alifanya hivyo, na hospitali walichukua muda mrefu sana kuiondoa ile dawa ya meno kwenye nyama ya mtoto wangu, wanaikwangua na mtoto analia. Siku ile nesi aliniambia maneno ambayo sijayasahau, mama, maji tu, ya bomba, dakika 20, usiweke kitu kingine chochote. Nilibeba hayo maneno miaka yote nikiwa na uchungu nayo kwa sababu yalinifikia nimeshachelewa.

Kwa hiyo nilikimbia. Nilifika nikakuta mama mmoja ameshatoa dawa ya meno kwenye pochi, mwingine anasema mafuta ya kula, mwingine anasema yai, kuna baba anasema barafu, anataka kwenda kununua zile barafu za juisi kwa watoto wa barabarani. Nikasema jamani naombeni, hapana, niachieni. Kwanza nikamvua saa. Alikuwa amevaa saa ya chuma mkono ule ule, na mkono ukiungua unavimba haraka, ikishavimba hutoi saa wala pete mpaka ikatwe. Akapiga kelele wakati naitoa ila ikatoka. Shati lilikuwa la mikono mifupi, hakukuwa na nguo iliyogandia kwenye ngozi, maana ikigandia huivuti, unaimwagia maji hivyo hivyo.

Halafu maji. Bomba hakuna. Kuna dumu moja la lita 20, na dereva anasema hayo maji ni ya rejeta, tukiyamaliza hatutoki hapa. Nikamwambia kaka yangu dereva, mkanda wenyewe hauna, hayo maji unayapeleka wapi saa hizi? Tukabishana. Mama mmoja wa Makambako, Mungu ambariki, akaleta beseni lake jipya alilonunua Dar akasema mwoshee humu, maji yakidondoka yanabaki kwenye beseni, mkimaliza mnayamimina kwenye rejeta. Dereva akacheka akakubali. Nikachota kwa kikombe nikawa namwagia taratibu, taratibu, yanatiririka juu ya mkono yanaingia kwenye beseni, yakipoa nachota tena. Maji ya dumu hayakuwa ya baridi, yalikuwa ya kawaida tu ya kivulini, na hayo ndo yanayotakiwa. Barafu hapana, ngozi iliyoungua haina tena kinga, barafu inaiunguza mara ya pili. Abiria mmoja alikuwa anatazama saa yake anatutangazia dakika. Dakika ya 5 kaka akasema imetosha, maumivu yamepungua. Nikamwambia hapana, bado 15, joto bado liko ndani ya nyama hata kama juu husikii, linaendelea kupika. Nesi aliniambia hata kama mtu amechelewa saa moja, saa mbili, ndani ya saa 3 bado maji yanasaidia, kwa hiyo mtu asikwambie kwamba muda umepita.

Sasa ndani ya zile dakika 20 ndo tukaongea. Mtu umemshika mkono unammwagia maji huwezi kukaa kimya. Nadhani na yeye alitaka kuongea ili asisikie maumivu. Akaniuliza, "dada, hilo kontena tangu asubuhi hujaliachia, hata kuja huku umekuja nalo kwapani, kuna nini?" Kweli nilikuwa nalo, nimeliweka chini ya goti. Nikamwambia. Mtoto wangu ana sukari, hii ndo dawa yake, asubuhi hana nyingine, barafu imeisha na hapa hatujui tunatoka saa ngapi. Nikamwambia nawaza ninunue zile barafu za juisi nizifukie humo humo. Akanyamaza kidogo halafu akaniuliza swali moja tu, "ikiganda inakuwaje?"

Jamani nilishtuka. Kwa sababu jibu nalijua, nimefundishwa hapa hapa kliniki. Insulini ikiganda imekufa. Ukiiyeyusha inaweza kuonekana nzuri kabisa, ila nguvu haina, unamchoma mtoto maji. Joto linaiua polepole, inachukua siku, inachukua wiki, kutegemea ni joto kiasi gani, lakini kuganda kunaiua mara moja na hujui. Na mimi asubuhi nilikuwa nimetenganisha dawa na chupa ya barafu kwa kitambaa kimoja tu, na pale nilitaka kuzifukia moja kwa moja kwenye barafu kwa mikono yangu, kwa woga tu. Woga wa joto ulitaka kunifanya niharibu kile kile ninachokilinda. Kaka hakuwa anajua lolote kuhusu insulini. Aliuliza kwa sababu kwao kitu kinapozwa bila kugandishwa.

Kwao ni Ikombe. Mtu wa Ikombe, Mkisi, kule mwambao wa Ziwa Nyasa mbele ya Matema. Wale mliowahi kufika soko la Jumamosi la Lyulilo mnajua, vyungu vinakuja na mitumbwi vimepangwa, wanawake wa Kikisi ndo wanaofinyanga na wanaume wanasaidia kusafirisha na kuuza. Mama yake ni mfinyanzi, bibi yake alikuwa mfinyanzi, na yeye alikuwa amepeleka mzigo Dar kwa mteja, vikarudi viwili, mtungi mmoja ambao mdomo umepata ufa kidogo mteja akaukataa, na chungu kimoja kidogo cha zawadi ambacho hakupata wa kumpa. Ule mzigo wa nyasi ndo huo. Akaniambia, "fungua gunia lile dada, toa vyote viwili."

Akawa ananielekeza huku mkono wake uko kwenye beseni. Akasema nenda na vijana mtoni mlete mchanga, sio udongo, mchanga, uoshwe, uwe umeloa ila maji yasisimame. Mto haukuwa mbali na barabara pale, vijana wawili wakaenda na ndoo. Akasema mwaga mchanga chini ya mtungi unene wa vidole vitatu, weka chungu kidogo juu yake, halafu jaza mchanga pembeni kuzunguka pande zote mpaka karibu na mdomo. Dawa usiiweke ikalowa, iweke kwenye kitu kikavu chenye mfuniko, mi nikatumia kopo la mwanangu la biskuti nililokuwa nampelekea, nikatoa biskuti tukagawana chini ya mbuyu. Kopo likaingia kwenye chungu kidogo, juu tukafunika na kitenge changu kimeloweshwa kikakamuliwa. Halafu akasema msiuweke pale mlipo, upepo haufiki, uweke ule upande kwenye kivuli ambako upepo unapita, na uwe unaumwagia maji kidogo mchanga ukianza kukauka.

Nilimuuliza kwa nini lazima upepo, mbona upepo wenyewe ni wa moto. Akaniambia maji ndo yanaondoka na joto. Chungu cha udongo kina vitundu vidogo huvioni, maji yanapenya yanatokea nje kama jasho, upepo ukiyachukua yanaondoka na joto la ndani, kama wewe ukitoka jasho ukapigwa na upepo unavyosikia baridi. Ndo maana hakuniambia nichukue chungu chochote. Alisema chungu kilichokwisha pikiwa mboga hakifai, mafuta na masizi yameziba vitundu, na chungu kilichopakwa rangi hakifai, na sufuria au ndoo ya plastiki haifai kabisa kwa sababu haitoi jasho. Akaongeza kitu kimoja ambacho nimekihakiki mwenyewe baadaye na ni kweli tupu, akasema mtungi huu Dar haupoi vizuri, wateja wake wa Dar wanalalamika, kwa sababu hewa ya pwani tayari imejaa maji, jasho la mtungi haliondoki. Pale tulipoharibikiwa, pakavu vile, ndo mahali pake hasa.

Baada ya kama saa moja hivi nilitia mkono ndani ya chungu kidogo. Nje watu wanapepea na magazeti, ndani palikuwa baridi kama sakafu ya saruji asubuhi. Sio baridi ya friji, nisiwadanganye, ile nyuzi 2 mpaka 8 ya friji huipati kwenye chungu. Ila insulini haihitaji friji kwa siku moja ya safari, inahitaji isipite nyuzi 30 hivi, isipigwe jua, isigande. Nilikaa pale nimeweka mkono mle ndani nikalia. Nilikuwa nimechoka, msiba, safari, mtoto.

Mkono wake tulipomaliza dakika 20 ulikuwa mwekundu na malengelenge mawili makubwa yameshaanza. Kuna baba alitaka kuyatoboa kwa sindano, tukakataa, ile ngozi ya juu ndo bandeji ya Mungu, ukiitoboa umefungulia vijidudu mlango. Kulikuwa na muuza vitafunwa ana roli la nailoni nyembamba mpya ya kufungia, nikakata kipande cha mwanzo tukakitupa, cha pili nikakilaza juu ya kidonda kwa urefu, bila kuzungusha, maana ukizungusha na mkono unavimba unakuwa umemfunga kamba. Nailoni haigandi kwenye kidonda kama pamba inavyoganda. Kanga yangu safi nikamfungia shingoni aegemezee mkono. Nikampa panado mbili nilizokuwa nazo, nikawa namkumbusha kunywa maji.

Mkanda ulitoka Iringa mjini kwa gari lingine. Ulifika saa 12 jioni na ulikuwa sio wenyewe, mfupi, ukarudishwa. Wa pili ukafika saa 1 na nusu usiku. Maji ya beseni yaliingia kwenye rejeta kweli, mbele ya macho yetu, na watu wakashangilia. Saa 2 tukaondoka tukapanda Kitonga polepole, mtungi niko nao miguuni na yeye ameegemea dirisha, kanishikia ukingo wa mtungi kwa mkono mzima kila kona, na zile kona za Kitonga mnazijua.

Tulipofika Ilula nikamwendea dereva nikamwomba asimame, pana hospitali. Kukatokea ugomvi, abiria wana haki, wamechelewa saa 7, wengine wana wagonjwa wao, wengine wanasema si keshapona, hata halalamiki. Nikawaambia kidonda kikizidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe, au kikiwa kwenye kiungo, usoni, sehemu za siri, hicho ni cha hospitali hata kama mtu halalamiki, na hiki kimezidi kiganja na kimegusa kiwiko. Yule mama wa beseni akasimama akasema tunasubiri. Tukasubiri dakika 40. Wakamsafisha, wakamfunga vizuri, wakamuuliza habari za chanjo ya pepopunda wakamchoma. Muuguzi aliyekuwa zamu aliuliza nani alimpa huduma ya kwanza, akasema huyu dada, akanipa mkono. Hakusema neno lingine. Mi nilikuwa namuwaza binti yangu na ile dawa ya meno.

Uyole tulifika saa 10 alfajiri. Aliniambia niende na mtungi. Nikasema kaka huu ni mzigo wako wa biashara, akasema wenye ufa hauuziki, na hicho kidogo ni cha zawadi, sasa kimempata wa kumpa. Nikafika nyumbani, nikawasha taa, nikaziangalia chupa moja moja kabla ya kumwamsha mtoto. Ile ya maji meupe ilikuwa nyeupe kama maji ya kunywa, haina ukungu wala uzi unaoelea. Zile za maziwa nikazivingirisha kwenye viganja taratibu, zikawa maziwa sawasawa, hakuna mabonge, hakuna kitu kama unga umegandia kwenye kioo. Hizo ndo dalili za nje. Ila kwa macho tu huwezi kumaliza, kwa hiyo siku ile nilimpima mtoto kila baada ya saa chache badala ya mara zetu za kawaida. Kabla ya kifungua kinywa sukari yake ilikuwa 11.2, imepanda kwa sababu ya biskuti alizopewa na bibi, mchana akawa 8.4, jioni 7.1. Hapo ndo nililala. Kama ingebaki juu siku nzima na amechoma dozi yake ile ile na chakula kile kile, ningeitupa chupa pamoja na uchungu wa hela yake, na ningempima mkojo kama una ketoni, zile tindikali za hatari zinazotokea mwili ukikosa insulini, nikaja hapa hospitali mbio.

Huyu kaka tunapigiana simu mpaka leo. Mkono umepona, umeacha baka jeupe kidogo karibu na kiwiko, na anakunja na kukunjua vizuri, anabeba vyungu. Mama yake alipopata habari akauliza kopo la dawa lina upana gani. Nikampimia kwa uzi nikatuma uzi kwa basi. Miezi miwili baadaye ukaja mzigo Uyole, umefungwa nyasi zile zile, chungu ndani ya chungu, kidogo kimetoshea chupa 4 na kimewekewa mfuniko wake, na mdomo wa kile kikubwa umepanuliwa ili mkono wa kumwagia maji uingie kirahisi.

Niseme ukweli kwa wazazi mlioko hapa, hakiwafai wote. Sisi wa Mbeya mjini hali yetu ya hewa yenyewe inatosha miezi mingi, chupa iliyofunguliwa kaeni nayo kwenye kabati la kivulini. Wenzetu wa Kyela, kule kuna joto na unyevu pamoja, chungu kitawasaidia kiangazi kidogo na masika karibu bure, bora friji ya jirani au zahanati. Ila nyie wa Chimala, Igawa, Rujewa, mnaokaa kwenye joto kavu la Usangu na umeme unakatika, hiki ni chenu kabisa. Chupa ambazo hazijafunguliwa za kukaa miezi, hizo bado ni za friji, hapo chungu ni cha dharura tu.

Nimekuja nacho, kiko hapa kwenye beseni. Mchanga nimeulowesha saa 12 asubuhi na kimekaa dirishani kwenye upepo tangu mkutano uanze. Naanza kukipitisha upande huu wa akina baba. Mfuniko mfungue, mtie mkono mpaka chini msikie wenyewe, halafu mfunike mpeleke mbele. Mkishike kwa mikono miwili, ni kizito.